Karanga za Kongwa: namna ya kulipata swali la historia linalojibika

Februari 1947 serikali ya Uingereza ilichapisha mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki na Kati kwenye eneo la ekari 3,210,000. Mashamba yangekuwa 107, kila moja la ekari 30,000: 80 Tanganyika, 10 Kenya na 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini Waingereza walikuwa bado wanapata mafuta ya kula kwa mgawo, na karanga zilionekana kuwa njia ya haraka ya kuziba pengo hilo. Kazi ilianzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa karibu 7,500. Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba mpango umeachwa, na hasara ya takriban pauni milioni 36 ikaangukia hazina ya Uingereza.

Ukimpa kisa hiki mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ndefu ya historia, atakipokea kwa mikono miwili. Kina majigambo, fedha nyingi, matrekta, na mwisho unaojulikana. Ataandika juu ya ukurasa: "Kwa nini Mpango wa Karanga ulishindwa?" Atadhani swali amelipata. Kwa kweli amepata mada iliyowekewa alama ya kuuliza, na tofauti ya vitu hivyo viwili ataihisi mwezi wa pili, atakapokuwa na kurasa nyingi za maelezo na hana hoja hata moja ya kutetea.

Kazi ndefu ya historia ni ile ambayo mwanafunzi huchagua swali lake mwenyewe na kulijibu kwa ushahidi, badala ya kujibu swali alilotungiwa na mtahini. Insha ndefu ya mtaala wa Baccalaureate ya Kimataifa, unaofuatwa na baadhi ya shule za Dar es Salaam na Nairobi, ina kikomo cha maneno 4,000. Tasnifu ya shahada ya kwanza huwa ndefu zaidi, lakini ugumu ni uleule: mwenye kuuliza ndiye mwenye kujibu, na swali likikosewa mwanzoni, bidii yote inayofuata inakwenda upande usio sahihi. Tuuchukue Mpango wa Karanga, tutazame swali lake likitengenezwa hatua kwa hatua.

Hesabu ya maneno

Kasoro ya kwanza ya "Kwa nini ulishindwa?" huonekana kwa hesabu ya darasa la tano. Anayesoma vitabu viwili tu kuhusu mpango huu atarudi na sababu sita: pori lilikuwa gumu kufyeka, udongo wa Kongwa ulikuwa na mfinyanzi unaokauka kama saruji wakati wa kiangazi, pamoja na mchanga unaokwangua vyuma vya majembe, mvua hazikuaminika, matrekta yalikuwa machache na mengi yalikuwa chakavu, bandari ya Dar es Salaam na reli vililemewa na mizigo, na uongozi uliendeshwa kwa pupa za wanasiasa wa London.

Sasa toa utangulizi, hitimisho na sehemu ya kupima vyanzo kwenye yale maneno 4,000. Yanabaki 3,000 hivi. Gawa kwa sababu sita: kila moja inapata maneno 500, yaani ukurasa mmoja na nusu. Katika ukurasa mmoja na nusu unaweza kueleza kwamba udongo ulikuwa mgumu. Huwezi kueleza, kuleta ushahidi, kumsikiliza anayepinga, kisha ukapima uzito wa sababu hiyo mbele ya nyingine tano. Matokeo yake ni orodha. Mtahini anayeifahamu mada hii ataisoma orodha hiyo akijua kila kitu kilichomo, na hataona mahali popote ambapo mwandishi ameamua jambo.

Hesabu hii inafaa kufanywa siku ileile swali linapoandikwa. Hesabu mambo ambayo swali linakulazimisha kuyathibitisha, kisha gawa maneno uliyo nayo. Jambo moja la kihistoria linalobishaniwa linahitaji si chini ya maneno 800 ili libishaniwe sawasawa. Kwa kazi ya maneno 4,000, mambo matatu yanatosha, manne ni kwa kujibana. Likizidi hapo, mshika mengi atabaki na vichwa vya habari.

Neno linalobeba mambo matatu

Kasoro ya pili haionekani kwa hesabu, na ndiyo inayowaponza hata wanafunzi wazuri. Iko ndani ya neno "ulishindwa". Ulishindwa kufanya nini?

Ukirudi kwenye matukio utakuta mambo matatu tofauti. Kwanza, ekari zilizokusudiwa hazikufyekwa. Pili, hata pale palipofyekwa na kupandwa, mavuno yalikuwa haba. Tatu, fedha zilipotea kuliko zilivyokadiriwa. Mambo haya yanahusiana, lakini hayana sababu moja. Ukosefu wa mvua unaeleza mavuno haba, lakini haufafanui kwa nini pori la mwaka 1947 halikuondoka, maana mibuyu na mizizi iliwasumbua madereva hata kabla mbegu haijatiwa ardhini. Vivyo hivyo, uchache wa matrekta unaeleza ekari zilizokosekana, lakini haufafanui kwa nini ekari iliyopandwa haikuzaa ilivyotarajiwa.

Mwanafunzi asiyetenganisha mambo haya huandika aya moja kuhusu mvua na nyingine kuhusu matrekta, kisha hudai kwamba "sababu kuu" ni mojawapo. Hajui kuwa amelinganisha vitu viwili visivyopimwa kwa kipimo kimoja. Kwa hiyo kabla ya kuuliza sababu, amua tokeo. Andika kwa maneno yasiyozidi kumi ni kitu gani hasa kilitokea ambacho unataka kukieleza. Kwa upande wetu: ekari 150,000 zilizolengwa Kongwa mwaka 1947 hazikupatikana. Tokeo hili lina mahali, lina mwaka, lina tarakimu mbili zinazotofautiana waziwazi, na msomaji hawezi kubishana kama lilitokea au la. Ubishi wote unahamia panapostahili, yaani kwenye sababu.

Hapo tayari mawanda ya kazi yamepungua sana, na hatujagusa kipindi wala eneo kwa kubahatisha. Nchi tatu zimekuwa wilaya moja kwa sababu tokeo tulilochagua lilitokea wilaya hiyo. Wengi hufanya kinyume: hupunguza swali kwa kukata miaka na ramani popote mkasi unapoangukia, na wanajikuta na kipande kisicho na kichwa wala miguu.

Maswali manne yasiyofaa

Mwanafunzi akishaambiwa swali lake ni pana, kwa kawaida hukimbilia moja ya njia nne. Kila moja ina mtego wake.

Njia ya kwanza ni kulibana mno: "Ekari ngapi zilipandwa Kongwa mwaka 1947?" Swali hili linajibika, tena kwa sentensi moja. Haliwezi kubeba insha kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelijibu kinyume. Dalili yake ni hii: ukiuliza wasomi wawili na wote wakakupa jibu moja bila kufikiri, una kipande cha ushahidi mkononi, bado huna swali.

Njia ya pili ni kutaka hukumu bila kipimo: "Je, Mpango wa Karanga uliwanufaisha Waafrika au uliwaumiza?" Waafrika gani? Mgogo ambaye eneo lake la malisho lilifyekwa, kijana aliyetoka mbali kuja kufanya kibarua Kongwa, na mkazi wa Mtwara aliyeshuhudia bandari ya kina kirefu ikijengwa kwa ajili ya mpango huu hawakupata jambo moja. Na kunufaika kwenyewe kunapimwa kwa nini: mshahara, ardhi, chakula, au bandari iliyobaki baada ya Waingereza kuondoka? Swali la hukumu si baya kwa asili yake. Huharibika pale linapoachia kila msomaji kipimo chake.

Njia ya tatu ni kuuliza kisichofikika: "Wagogo wa Kongwa waliuonaje mpango huu mwaka 1947?" Hili ni swali zuri, pengine zuri kuliko yote yaliyotajwa hapa, na mwanahistoria mwenye muda na ujuzi wa lugha angelishughulikia. Lakini tazama vyanzo alivyonavyo mwanafunzi wa sekondari. Ripoti ziliandikwa na wataalamu wa Kizungu, mijadala ilifanyika Westminster, na kitabu cha kwanza maarufu kiliandikwa na Alan Wood, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya shirika lililoendesha mpango. Mgogo anatokea humo kama mtu anayetazamwa, mara chache kama anayesema. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1947 leo anakaribia miaka 90, na kumbukumbu ya mtoto wa miaka 10 si ushahidi wa maoni ya wazee waliokuwa wakiamua mambo ya ardhi. Mwanafunzi akishikilia swali hili bila mahojiano na bila nyaraka za wilaya, atajikuta anajaza pengo kwa kukisia, akisema "bila shaka walihuzunika". Maneno kama "bila shaka" na "ni wazi kwamba" yakianza kujitokeza mara kwa mara katika rasimu, ujue swali limevizidi vyanzo.

Njia ya nne ni ya "ingekuwaje": "Je, mpango ungefaulu kama ungeanzia Urambo badala ya Kongwa?" Historia haikuendesha jaribio hilo, kwa hiyo hakuna ushahidi wa kulifunga. Hata hivyo, kama tutakavyoona, chembe ya "ingekuwaje" imo ndani ya kila swali la sababu. Kosa ni kuifanya ndiyo insha nzima.

Sababu zinazoshindana kweli

Turudi kwenye tokeo letu: lengo la Kongwa halikufikiwa. Sasa tunatafuta swali la sababu lenye ubishi wa haki ndani yake. Mfumo unaopendwa ni "kwa kiasi gani", na unapendwa kwa sababu nzuri: unamlazimisha mwandishi kuweka sababu moja mbele na kuipima dhidi ya nyingine. Lakini maneno "kwa kiasi gani" hayana uganga. Yanafanya kazi pale tu sababu mbili zinaposhindana kweli.

Wazo la mpango lilitoka kwa Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa kampuni ya United Africa, iliyokuwa tawi la Unilever. Mwaka 1946 serikali ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Ujumbe ulizunguka kwa wiki chache tu na kuwasilisha ripoti Septemba mwaka huohuo. Ripoti iliunga mkono mpango mkubwa, na kazi ikaanza bila shamba la majaribio la kupima mashine na udongo kwa msimu mmoja au miwili. Kwa hiyo swali la kwanza linaloelekea kufaa ni hili: "Kuanza bila majaribio kulichangia kwa kiasi gani kutofikiwa kwa lengo la ekari Kongwa, kuliko haraka ya kisiasa iliyotokana na uhaba wa mafuta Uingereza?"

Linasikika vizuri. Likitazamwa kwa karibu, linavunjika. Majaribio yaliachwa kwa sababu ya haraka. Haraka ndiyo iliyozaa kukosekana kwa majaribio. Haziko katika mizani mbili, moja iko juu ya nyingine kama ghorofa. Ukisema kukosekana kwa majaribio ndiyo sababu kubwa, mwenzako atakuuliza nani aliyeyazuia, na mtarudi kwenye haraka. Insha ya namna hii huzunguka, na mwandishi wake huhitimisha kwamba "sababu zote zilihusiana", kauli ambayo ni kweli kwa kila tukio tangu dunia iumbwe.

Kuna njia rahisi ya kuligundua hili mapema. Chora sababu zako kwenye karatasi na uunganishe kwa mishale kila moja inayozaa nyingine. Mbili zikiunganishwa na mshale mmoja ulionyooka, usizishindanishe. Tafuta mbili ambazo kila moja ina mzizi wake.

Kwa Kongwa, sababu inayoweza kusimama dhidi ya ukosefu wa majaribio ni uhaba wa mashine zinazofaa. Baada ya vita matrekta mazito mapya hayakupatikana kwa urahisi popote. Waendeshaji wa mpango walinunua mabaki ya jeshi yaliyotumika, mengine wakiyatoa mbali sana na Afrika, na baadaye hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa matrekta katika viwanda vya Vickers. Vipuri havikulingana, na mashine nyingi zikasimama. Uhaba huu ulitokana na hali ya viwanda duniani baada ya vita, si na uamuzi wa kuruka majaribio. Mzizi wake uko kwingine.

Hapo ubishi unapata makali. Upande mmoja unaweza kusema: kama kungekuwa na shamba la majaribio, wangegundua kwamba pori lile linang'oa meno ya mashine, na wasingejiwekea lengo la ekari 150,000 kwa mwaka wa kwanza. Upande wa pili unaweza kujibu: hata wangejua, mashine zinazofaa hazikuwepo, majaribio yangewachelewesha bila kuwaletea trekta hata moja la ziada. Hii ndiyo ile chembe ya "ingekuwaje" niliyoitaja. Haisimami peke yake. Inaonyesha ushahidi gani utaamua kesi. Mwanafunzi anajua sasa anatafuta nini: lengo la 150,000 lilitungwa na nani na kwa hesabu gani, na kabla ya kazi kuanza watunga mpango walijua nini kuhusu upatikanaji wa mashine. Asipojua ushahidi utakaoamua ni upi, atasoma kila kitu. Akijua, atasoma akiwa na jambo la kutafuta.

Miaka ikatwe wapi

Kipindi cha swali hakikatwi kwa uzuri wa tarakimu. Anayeandika "1947 hadi 1951" anafuata miaka inayotajwa vitabuni, lakini kwa swali letu ameikata sababu na kuacha nje. Ujumbe wa Wakefield ulikuwa wa mwaka 1946. Ukianzia 1947, uamuzi unaouchunguza umekwisha kufanyika kabla ya ukurasa wako wa kwanza, nawe utalazimika kuusimulia kama "historia ya nyuma" badala ya kuuchambua.

Mwisho nao una mantiki yake. Mwaka wa kwanza uliendeshwa na kampuni ya United Africa kwa niaba ya serikali. Katika miezi ya mwanzo ya 1948 kazi ilihamia kwa shirika jipya la umma la Uingereza lililoundwa kwa ajili ya kuzalisha chakula ng'ambo. Uongozi ulibadilika, na baadaye malengo nayo yakapunguzwa. Anayevuka mpaka huo atalazimika kueleza shirika jipya, mwenyekiti wake Leslie Plummer, na mapambano ya kisiasa yaliyomzunguka waziri wa chakula, John Strachey. Hiyo ni insha nyingine. Kwa hiyo kipindi chetu kinaanzia ujumbe wa 1946 na kuishia makabidhiano ya mwanzoni mwa 1948. Ni kifupi, lakini kina mwanzo na mwisho uliowekwa na matukio yenyewe.

Swali sasa linasomeka hivi: "Kuanza bila shamba la majaribio, kukilinganishwa na uhaba wa mashine zinazofaa, kulichangia kwa kiasi gani kutofikiwa kwa lengo la ekari 150,000 Kongwa kati ya ujumbe wa Wakefield wa 1946 na makabidhiano ya 1948?" Ni refu, na kwenye jalada laweza kufupishwa. Kwa ajili ya kazi acha liwe refu, kwa sababu kila kipande chake kinakukataza kuandika jambo fulani.

Vyanzo kabla ya mapenzi

Swali lililoundwa vizuri bado laweza kuwa halitekelezeki. Linapimwa kwa vyanzo, na kipimo hicho kinafanywa mezani, wiki ya kwanza, kabla ya mtu kulipenda swali lake kiasi cha kushindwa kuliacha.

Chukua karatasi uigawe safu tatu. Kushoto andika mambo ambayo lazima uyathibitishe. Kwa swali letu ni matatu: kwamba majaribio yalipendekezwa au kufikiriwa na kuachwa, kwamba mashine zilikosekana kwa sababu zisizohusiana na uamuzi huo, na kwamba mojawapo ilikuwa na uzito zaidi kwenye upungufu wa ekari. Safu ya kati andika chanzo mahususi cha kila jambo. Safu ya kulia andika kama unaweza kukifikia wewe, kwa fedha zako, kabla ya tarehe ya kuwasilisha.

Kwa jambo la kwanza kuna waraka wa serikali wa Februari 1947 wenye ripoti ya Wakefield ndani yake, ambao umo katika maktaba kubwa. Kwa jambo la pili kuna kumbukumbu za Bunge la Uingereza, Hansard, zinazosomeka bure mtandaoni. Wabunge waliuliza kuhusu matrekta na ekari, na mawaziri walijibu. Majibu hayo yana kasoro yake: waziri hujitetea. Lakini kasoro inayojulikana ni ushahidi wa aina yake, kwa sababu tarehe ya kila jibu inaonyesha serikali ilikubali lini kusema nini. Kitabu cha Wood cha mwaka 1950 kinatoa sauti ya mtu aliyekuwa ndani, aliyejiuzulu, na mwenye sababu ya kuchagua nani wa kulaumiwa. Kwa jambo la tatu kuna wanahistoria wenyewe: makala ya Hogendorn na Scott ya 1981 kuhusu kushindwa kwa mpango, na kurasa ambazo John Iliffe aliutengea katika historia yake ya Tanganyika ya 1979. Safu ya kulia ina alama ya ndiyo kila mahali. Swali linatekelezeka.

Linganisha na swali jingine la mpango huohuo: "Mpango wa Karanga ulibadilisha kwa kiasi gani soko la vibarua kusini mwa Tanganyika?" Ni swali halali kabisa, Matteo Rizzo alichapisha utafiti wake kuhusu jambo hilo mwaka 2006, akichunguza miaka ya 1946 hadi 1952. Lakini andika safu zako. Mishahara, idadi ya vibarua, malalamiko ya wenye mashamba ya mkonge waliokuwa wakigombea watu walewale: habari hizi ziko kwenye majalada ya utawala, Dar es Salaam katika Nyaraka za Taifa na London katika majalada ya Wizara ya Makoloni. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miezi sita na kibali cha kusoma nyaraka anaweza. Wa sekondari aliyeko Arusha mwenye jioni mbili kwa wiki hawezi. Ataishia kumfupisha Rizzo, na kumfupisha mtu mmoja si uchunguzi. Swali ni lilelile kwa watu wawili, lakini mawanda yanayowezekana hayafanani. Ndiyo maana mwalimu hawezi kukuambia kama swali ni "zuri" bila kukuuliza kwanza una nini mkononi.

Safu ya kati ikiwa na kitabu kimoja kwa kila jambo, au kitabu hichohicho kikijirudia mara tatu, hiyo ni dalili ya hatari. Huna kinachokupinga, na utaandika kama unavyoongozwa na mwandishi huyo mmoja. Rekebisha swali sasa, ungali na kurasa tupu.

Kulirekebisha katikati ya safari

Hata swali lililopita vipimo vyote litaguswa tena. Tuseme mwanafunzi wetu, katika wiki ya nne, anamjia msimamizi wake.

"Mwalimu, nimekuta kwamba lengo la ekari 150,000 lilitokana na hesabu za mezani. Haidhuru wangekuwa na matrekta mangapi. Sasa sababu zangu mbili zote zinaonekana ndogo."

"Umekuta wapi?"

"Kwenye waraka wenyewe. Hesabu inadhani kwamba pori litafyekwa kwa mwendo uleule msimu mzima."

"Basi hujapoteza swali. Umepata jibu la tatu. Ushahidi wake ni mmoja au ni mingi?"

Swali hilo la mwisho la mwalimu ndilo linaloamua. Kama dhana hiyo ya mezani imo kwenye sentensi moja tu, itaingia katika insha kama aya ya tahadhari, na swali litabaki. Kama inatokea tena katika mijadala ya Bunge na kwa Wood, basi sababu moja kati ya mbili za mwanzo inatolewa, na "lengo lisilo na msingi" linaingia mahali pake. Idadi ya mambo ya kuthibitisha inabaki ileile, matatu. Kanuni ni hiyo: swali linaweza kubadilishwa, lakini kila kinachoingia kitoe kingine. Mwanafunzi anayeongeza bila kutoa atarejea kwenye orodha ya sababu sita, safari hii akiwa amebakiwa na wiki mbili.

Mabadiliko hayo yaandikwe na tarehe zake, pamoja na ushahidi uliyoyasababisha. Yatasaidia pale msimamizi au mtahini atakapouliza kwa nini kipindi kimeishia 1948, au kwa nini mvua, ambazo kila mtu huzitaja anapozungumzia Kongwa, hazimo katika insha. Jibu lipo tayari: mvua zinaeleza mavuno, na insha hii inahusu ekari. Mwanafunzi anayeweza kujibu hivyo bila kubabaika anajua pia nini cha kuacha atakapokaa kuandika, na yale maneno 4,000 yatamtosha.